Ndiye Huyu, Ndiye? Namna ya Kuipeleka Ngano ya Bibi kwenye Kifaransa

Ngano ya Shing'weng'we inajulikana Usukuma kote, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita. Zimwi hilo linawameza watu wote pamoja na mifugo yao. Anasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la pumba. Anajifungua mtoto wa kiume anayeitwa Masala Kulangwa. Mtoto akipata akili anauliza wenzake wako wapi, na mama anamsimulia yaliyotokea. Basi mtoto anaondoka kwenda kulisaka zimwi ambalo hajawahi kuliona. Kwa kuwa hajui linafananaje, kila anachokiua anamletea mama yake aseme kama ndilo.

Mwongozo huu ni kwa wewe uliye katikati: mama yako au mama mkwe wako yuko Kahama, Nyarugusu au Geita mjini, na wanao wanakua Brussels, Geneva au Montreal, wakiota na kugombana kwa Kifaransa. Unataka wasikie ngano ya bibi yao, na wewe ndiye utakayeifasiri. Ninaitumia ngano hii kama mfano kwa sababu uti wa mgongo wake ni kibwagizo kimoja kinachorudi mara nyingi. Ukikipata hicho, sehemu iliyobaki itakuja. Ukikikosa, watoto watapokea muhtasari wa kisa.

Rekodi bibi akiwa na watoto mbele yake

Usimkabidhi bibi simu na kumwambia asimulie. Fanani asiye na hadhira hufupisha. Ataruka marudio kwa kuona kuwa wewe mtu mzima unaijua hadithi, naye atasema "akaenda tena, ikawa vilevile" pale ambapo mbele ya watoto angeimba kibwagizo chote. Mtafutie watoto wa nyumbani au wa jirani, wawili au watatu wanatosha, na umwache asimulie usiku kama ilivyo desturi. Weka simu juu ya kigoda, uikalishe kwenye kanga iliyokunjwa ili isinase mtikisiko, karibu na bibi kuliko watoto, kwa kuwa sauti za watoto zitafika tu. Kama nyumba iko jirani na makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, rekodi kwenye chumba cha ndani. Ngurumo ya karasha hufunika sauti ya chini ya msimulizi, na sauti hiyo ya chini ndiyo utakayoihitaji kujua pale anaponong'ona.

Mwombe asimulie mara mbili, usiku tofauti. Maneno yanayofanana kabisa katika simulizi zote mbili ni ya ngano, hayo usiyaguse. Yanayobadilika ni ya usiku ule, na hapo una uhuru. Utaona, kwa mfano, kwamba wanyama wanaweza kubadilika, leo kwale na kesho njiwa, lakini swali la mtoto na jibu la mama havibadiliki hata herufi.

Usishangae bibi akichanganya lugha. Tangu migodi mikubwa ya Geita na Bulyanhulu ianze uzalishaji mwaka 2000 na 2001, watu wa makabila mengi wamehamia ukanda huu, na katika miji ya wachimbaji watoto wa nyumba moja hawana lugha ya pamoja ila Kiswahili. Kwa hiyo bibi anasimulia kwa Kiswahili, lakini wimbo unaweza kubaki wa Kisukuma, na mama wa kwenye hadithi akaitwa "mayu". Yaandike kama yalivyosemwa. Kuna simulizi za ngano hii zilizokusanywa na kuchapishwa. Padri Donald Sybertz aliyefanya kazi miaka mingi Shinyanga, pamoja na Padri Joseph Healey, waliiingiza katika kitabu chao cha mwaka 1996. Zinafaa kwa kulinganisha, lakini usizitumie kumsahihisha bibi.

Andika kwa pumzi

Unaponukuu rekodi, kila bibi anapopumua anza mstari mpya. Msomi wa Marekani Dennis Tedlock alifanya hivyo kwa hadithi za Wazuni katika kitabu chake cha mwaka 1972, na njia yake ni rahisi kwa yeyote: kimya kinavunja mstari, sauti ya juu inaandikwa kwa herufi kubwa. Kwa sauti inayovutwa, wewe rudia irabu. Kwa majibu ya watoto weka herufi W pembeni.

Kipande kimoja cha ngano yetu kitaonekana hivi:

Akaenda.
Akaenda, akaendaaa,
akamwona panzi juu ya jani.
Akampiga: PU!
Akambeba, akarudi mbio.
"Ndiye huyu, ndiye?"
"Siye, mwanangu, siye."

Ukiyaandika haya kama aya moja ndefu, utayafasiri kama aya, na Kifaransa chako kitatoka na sentensi ndefu zenye viunganishi vya kitabuni. Mistari inakulazimisha uone kwamba "Akaenda" ya kwanza ina pumzi yake peke yake.

Anza kufasiri kwenye kibwagizo

Wengi huanzia mwanzo wa hadithi na kukifikia kibwagizo wakiwa wamekwisha kuchoka. Wewe anza nacho. Tufuate hatua zake moja moja.

Swali la mtoto: "Ndiye huyu, ndiye?" Lina mizani 6 na mapigo matatu: NDI-ye HU-yu NDI-ye. Jibu la mama: "Siye, mwanangu, siye." Lina mizani 7, na mapigo ni yale yale matatu: SI-ye mwa-NA-ngu SI-ye. Vyote viwili vimejengwa kwa mtindo mmoja: neno, katikati, kisha neno lile lile tena. Ndiyo maana mtoto wa miaka minne anaweza kuitikia baada ya kusikia mara mbili.

Tafsiri ya kwanza inayokuja kichwani kwa mtu anayejua Kifaransa vizuri ni hii: *Maman, est-ce que c'est bien Shing'weng'we que je viens de tuer ?* Na jibu: *Non, mon enfant, ce n'est pas encore lui.* Hakuna kosa la sarufi, na maana imefika yote. Ila ijaribu kwa kupiga makofi. Swali linakaribia mizani 15, halina mahali pa kurudia, na jibu halifanani na swali. Mtoto hawezi kuitikia kitu hicho.

Sasa rudi kwenye umbo. Tunatafuta neno fupi la Kifaransa linaloweza kusimama mwanzo na mwisho. *C'est lui* linafaa, mizani 2 kama "ndiye". Katikati kuna "huyu". Ukiweka *celui-là*, utapata sauti za *lui* zinazogongana na ulimi utakwama. Lakini "huyu" katika ngano hii husemwa huku mkono ukionyesha mnyama, kwa hiyo maana yake imo mkononi. Nafasi yake tunaweza kumpa *maman*, yenye mizani 2 vilevile. Tunapata:

*C'est lui, maman, c'est lui ?*

Mizani 6, mapigo matatu. Jibu:

*Pas lui, mon enfant, pas lui.*

Mizani 7, mapigo matatu, kama kwa bibi. Tumechagua *mon enfant* badala ya *mon fils* kwa sababu mbili. "Mwanangu" haisemi kama mtoto ni wa kiume au wa kike, na mjukuu wa kike atakapocheza nafasi ya Masala Kulangwa hatajiona mgeni. Vilevile *fils* ingepunguza mizani moja na kulifupisha jibu la mama, ambalo kwa bibi ni refu kidogo kuliko swali, kama sauti ya mtu anayembembeleza mtoto.

Jambo moja halitafanana. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Kifaransa hukaza silabi ya mwisho ya kifungu. Kwa hiyo pigo la bibi huanguka, NDI-ye, na pigo la Kifaransa hupanda, c'est LUI. Likubali hilo, kwa kuwa idadi ya mapigo na nafasi kati yake ndizo zinazobeba uitikio. Mahali unapotaka kweli mwisho unaoanguka, Kifaransa kina njia yake: maneno yanayoishia na *e* isiyotamkwa, kama *marche* na *terre*. Katika mazungumzo ya kawaida *e* hiyo humezwa, lakini katika nyimbo za watoto hutamkwa, *mar-che*, na hapo utapata mkazo ule ule wa "ma-ma" na "ba-do".

Ukishakipata kibwagizo, kiandike kwenye karatasi peke yake na usikibadilishe tena. Hapa utapata upinzani. Shule za Kifaransa huwafundisha wanafunzi kwamba kurudia neno ni udhaifu wa uandishi. Shemeji aliyesoma Lyon atakushauri kwa nia njema kwamba mara ya pili useme *non, mon petit*, na ya tatu *hélas, toujours pas*. Kataa, na sababu yake imo kwenye ngano yenyewe. Panzi: siye. Kwale: siye. Swala: siye. Kisha mtoto anarudi na Shing'weng'we mwenyewe, anauliza swali lile lile, na mama anajibu:

"Ndiye, mwanangu, ndiye!"
*C'est lui, mon enfant, c'est lui !*

Neno moja tu limebadilika, na watoto hupiga kelele. Furaha hiyo imelimbikizwa na kila "siye" iliyotangulia bila kubadilika. Ukiwa umeibadilisha kila mara kwa ajili ya uzuri wa lugha, neno hili la mwisho halitasikika kuwa jipya.

Mnyororo wa -ka-

Kiswahili husukuma hadithi kwa kiambishi kimoja: akaenda, akaona, akapiga. Kifaransa kitakupa njia tatu, na ni lazima uchague moja. Ya kwanza ni *il alla, il vit, il frappa*. Ni nzuri kwenye vitabu, lakini hakuna mzazi anayesema hivyo mezani, na mtoto ataisikia kama lugha ya darasani. Ya pili ni *il est allé, il a vu, il a frappé*. Hii ni ya kila siku, lakini inaongeza silabi kwenye kila kitendo na mbio zinapungua. Ya tatu ni wakati uliopo ukitanguliwa na *et*: *et il marche, et il voit, et il frappe*. Hiyo *et* fupi inafanya kazi ya -ka-, na wasimulizi wa Kifaransa wenyewe huutumia wakati uliopo hadithi inapochemka.

Kwa hiyo sehemu ya mwanzo, kabla ya mtoto kuondoka nyumbani, simulia kwa *Il était une fois* na wakati uliopita wa kawaida. Mtoto akivuka kizingiti, ingia wakati uliopo na usitoke tena hadi zimwi life:

*Et il marche.*
*Et il marche, et il maaarche,*
*et il voit une sauterelle sur une feuille.*
*Et il frappe : POUM !*
*Il la prend, il revient en courant.*
*« C'est lui, maman, c'est lui ? »*
*« Pas lui, mon enfant, pas lui. »*

Mstari wa kwanza umeachwa mfupi kama wa bibi. Kwa kwale na swala badilisha mnyama na mahali tu, *une perdrix dans l'herbe*, kisha *une gazelle sous un arbre*. Kila mnyama ni mkubwa kuliko aliyetangulia, na mvuto wa sauti katika *marche* uwe mrefu zaidi kila mara, maana anakwenda mbali zaidi.

Milio na majina kwa sikio la Kifaransa

Mtoto anayesoma Kifaransa ataziona herufi zako na kuzitamka kwa kanuni za shule yake. *U* ataitamka kwa midomo iliyobinywa, *ch* ataisoma kama sh, na *s* iliyo kati ya irabu mbili ataisoma kama z. Bila msaada Masala atakuwa Mazala. Andika *Massala Koulangwa*. Jina la zimwi liache kwa tahajia yake, lakini mara ya kwanza linapotokea weka chini ya ukurasa *dites : chi-ngoué-ngoué*. Sauti ya ng' mwanzoni mwa silabi haipo katika Kifaransa, kwa hiyo wataikaribia tu mpaka waisikie kwenye rekodi ya bibi.

Tanakali za sauti zichunguze moja moja. "Pu!" ya kitu kinachoanguka ungetaka kuiandika *pou*, na mtamko ungekuwa sahihi, ila *pou* ni chawa. Watoto watacheka mahali ambapo hapastahili kicheko. Ongeza *m* iwe *poum*, ambayo wanaijua. "Chubwi" ya kutumbukia majini andika *tchoubwi*. Haina maana nyingine na wataipenda kwa sauti yake. Lundo la pumba nalo lina mtego: neno la kamusi ni *balle*, ambalo kwa mtoto ni mpira au risasi. Sema *un tas de paille de sorgho*. Picha inabadilika kidogo, lakini mtoto ataona mtu anavyoweza kujificha humo.

Kuhusu kufungua hadithi, bibi akisema "Hadithi, hadithi!" na watoto wakajibu "Hadithi njoo!", nashauri uache kwa Kiswahili. Watu wa visiwa vya Karibea wanaozungumza Kifaransa na Krioli wana *Cric ? Crac !* inayofanya kazi ile ile, na mtoto wa Montreal huenda ameisikia shuleni, kwa hiyo unaweza kumweleza kwamba ni mlango wa aina hiyo. Lakini mwitikio wa bibi ni mfupi, unashikika, na ndiyo sehemu ambayo wajukuu wataweza kuisema naye kwa simu bila mkalimani.

Zimwi na kikongwe

Neno *ogre* litakuja haraka. Liepuke. Tangu Charles Perrault achapishe ngano zake mwaka 1697, mtoto anayesoma Kifaransa akisikia *ogre* huona jitu la kiume lenye viatu na kisu kikubwa, linaloketi mezani. Shing'weng'we anameza wazima wazima, na wanabaki hai tumboni. Bila hilo mwisho wa ngano hauwezekani. Sema *le monstre* mara moja, kisha tumia jina.

Katika masimulizi mengi, Masala Kulangwa anapolipasua tumbo la zimwi ili watu watoke, kisu kinamkata sikio mwanamke mmoja kikongwe, naye anakasirika sana. Baadhi ya wazazi walio Ulaya hukitoa kisa hiki kwa kuona kinatisha. Kama bibi yako anakisimulia, kiache, kwa sababu hapo ndipo shujaa anapofundishwa kuomba radhi. Ila chunga neno la kumwita kikongwe huyo. Mwanamke mzee mwenye hasira katika ngano za Kifaransa huwa haraka sana *sorcière*, mchawi. Usukumani neno hilo limeua watu: wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho yaliyo mekundu kwa moshi wa jikoni. Kikongwe wa ngano hii ni mtu aliyeokolewa na aliyeumizwa kwa wakati mmoja. Sema *une très vieille femme*, au *une grand-mère*.

Jaribu kwa masikio

Soma tafsiri kwa sauti mbele ya watoto bila kuwaeleza kwamba wanapaswa kuitikia. Kwa panzi watasikiliza. Kwa kwale mmoja ataguna. Kwa swala wanapaswa kuitikia wenyewe. Wasipoitikia, kibwagizo ni kirefu au umekibadilisha bila kujua. Wakiitikia lakini wakajikwaa mahali pamoja kila mara, tatizo ni neno lililopo hapo. Libadilishe hilo tu.

Kisha warekodi wakiitikia na umtumie bibi. Hajui Kifaransa, lakini mapigo anayajua kuliko wewe. Mwombe apige makofi huku akisikiliza. Makofi yake yakiingia kwenye *pas lui, mon enfant, pas lui* bila kusitasita, kazi imekamilika. Akisita, muulize amesita wapi na urudi kwenye mstari huo. Yeye ndiye mhariri wa mwisho wa ngano hii, basi mtumie rekodi hiyo kabla hujachapa ukurasa wowote.